Tone la Pili: Kuandika Skripti ya Katuni Ambayo Kila Fundi Ataona Kazi Yake

Nianze na aya ya skripti, kama inavyoandikwa na mtu anayeijua hadithi yake vizuri lakini hajawahi kukaa meza moja na watu watakaoichora:

*Usiku. Zawadi anashindwa kulala kwa sababu paa linavuja na matone yanamkera sana. Anachukua kopo na kuliweka chini ya tone. Paka anamtazama. Anafurahi kwa kuwa sasa atalala. Anafumba macho lakini tone jingine linamwangukia usoni na anashtuka.*

Ukiisoma kama hadithi, imekaa vizuri. Unamwona mtoto, unasikia matone, na mwishoni unacheka. Lakini ukimkabidhi mchoraji wa storibodi, yaani anayeigeuza skripti kuwa michoro ya shoti moja baada ya nyingine, atakurudia na maswali kabla hajashika kalamu. Kopo lilikuwa wapi kabla ya kuchukuliwa? Aliyefurahi ni Zawadi au ni paka? Tone la mwisho limetoka kwenye tundu lilelile, na kama ndivyo, mbona halikuingia kwenye kopo? Fundi wa sauti naye atataka kujua tone linadondokea wapi, maana sakafu ya mbao na sakafu ya saruji hazilii sawa. Mchora mandhari atauliza mwanga unatoka wapi usiku huo.

Kazi yangu ni kupokea skripti za namna hii na kuzipanga kabla hazijakwenda kwa timu, na nimeona maswali hayo yakijirudia karibu katika kila skripti. Chanzo chake ni kwamba kwenye katuni hakuna kitu kinachokuwepo kwa bahati. Anayepiga filamu ya watu halisi akiingia chumbani atakuta meza, pazia na kopo, na kamera itavichukua hata kama mwandishi hakuvitaja. Sisi kopo lipo kwa sababu mtu ameambiwa alichore. Na mtu huyo hasomi skripti yote kila siku. Akishaisoma mara ya kwanza ili aelewe hadithi, baada ya hapo hutafuta mistari inayomhusu tu: mchora mandhari hutazama vichwa vya maonyesho, mchoraji wa storibodi hutazama matendo, fundi wa sauti hutazama sauti, mwigizaji hutazama maneno yake. Mpangilio mzuri ni ule unaoweka kila kitu mahali ambapo mwenye kazi atakitafuta. Hilo ndilo nitakaloonyesha kwa kuichukua aya ile na kuitengeneza hadi iwe onyesho linalofanyika.

Kichwa cha onyesho hubeba mambo matatu: ndani au nje, mahali, na wakati. Aya yetu ina neno moja tu, "Usiku". Kichwa chake kiwe hivi:

```
NDANI. CHUMBA CHA ZAWADI - USIKU
```

Mahali pakishapewa jina, jina hilo halibadiliki mpaka ukurasa wa mwisho. Mtu wa ratiba huorodhesha vichwa vyote ili ajue ni mandhari ngapi za kuchora, na mara nyingi orodha hiyo hutolewa na programu. Ukiandika CHUMBA CHA ZAWADI ukurasa wa 3, CHUMBANI KWA ZAWADI ukurasa wa 6 na CHUMBANI ukurasa wa 9, orodha itatoka na vyumba vitatu. Aina zote tatu ni Kiswahili safi, na ndiyo sababu mwandishi hupita juu yake bila kuona tatizo. Mimi hushikilia jina tupu lisilo na "-ni" ya mwisho, JIKO, UA WA NYUMA, CHUMBA CHA ZAWADI, na majina yote huyaweka kwenye ukurasa wa mwanzo ili kila anayeongeza onyesho ayanakili kutoka hapo.

Wakati nao una gharama yake. Chumba kimoja asubuhi na chumba hichohicho wakati wa machweo ni kazi mbili za rangi. Mistari ya mchoro inaweza kubaki ileile, lakini rangi za ukuta, za shuka na za ngozi ya mhusika lazima zipangwe upya. Kwa hiyo alfajiri, alasiri na usiku wa manane viandikwe pale tu hadithi inapovidai. Skripti fupi nyingi zinatosheka na MCHANA na USIKU, na labda wakati mmoja wa tatu wenye sababu yake. Onyesho likiunganika moja kwa moja na lililotangulia, badala ya wakati andika MFULULIZO. Neno hilo humwambia mchoraji kwamba nywele zilizolowa sekunde moja iliyopita bado zimelowa.

Tuje kwenye matendo. Hapa panaandikwa kinachoonekana, kwa wakati uliopo, basi. "Matone yanamkera sana" hakichoreki. Kinachochoreka ni mtoto anayevuta mto na kujifunika masikio, au anayefumbua jicho moja kila tone linapodondoka. Mwandishi achague kitendo kimoja kinachobeba hisia hiyo, kisha amwachie animeta, yule anayewafanya wahusika wasogee, namna ya kukitenda. Nimechagua jicho, kwa sababu linafungamana na sauti, na mwisho wa onyesho unategemea macho yaliyofumbwa. Sitaandika nyusi zipande kiasi gani wala vidole vishike shuka vipi. Hiyo ni kazi ya animeta, na skripti inayomwingilia mpaka huko humfanya aanze kuruka mistari, na siku moja ataruka ule wa muhimu.

Kuna tatizo jingine ambalo waandishi wa Kiswahili tunaliingiza bila kujua. Tazama tena: "Paka anamtazama. Anafurahi kwa kuwa sasa atalala." Kiambishi "a-" kinamhudumia Zawadi na kinamhudumia paka pia, maana wanyama nao huenda na "a-" kama watu. Msomaji wa hadithi huamua mwenyewe kwa kufuata mtiririko. Lakini onyesho likishakatwa vipande, animeta anaweza kukabidhiwa shoti moja tu yenye sentensi hiyo peke yake, naye atachora paka anayetabasamu. Dawa ni kutaja jina kila mtendaji anapobadilika. Katika riwaya ungeona jina limerudiwa mno. Katika skripti hakuna atakayelalamika. Vivyo hivyo kwa idadi: "watoto wanakimbia" ni watoto wangapi? Kila mmoja wao atachorwa, kwa hiyo idadi iandikwe, na atajwe yule anayezungumza.

Kisha aya. Picha mpya ikija kichwani, naanza aya mpya, na hivyo mchoraji wa storibodi anaona mgawanyo wa shoti bila mimi kuandika neno "kamera" kila mstari. Shoti yenyewe naitaja pale tu ambapo hadithi inavunjika bila hiyo. Katika onyesho hili pako mahali pamoja pa namna hiyo. Tuliuliza kwa nini tone la pili halikuingia kwenye kopo. Jibu zuri ni kwamba maji yametambaa kwenye boriti, yakaliacha tundu la kwanza, yakaenda kudondokea juu ya mto. Mtazamaji lazima aone hilo kabla Zawadi hajajua, la sivyo tone la mwisho litaonekana limetoka hewani. Hapo nitaandika KARIBU: Boriti, na nitaona sina sababu ya kuomba radhi kwa mwongozaji.

Na kopo? Kila kitu kitakachoshikwa mkononi baadaye kionekane mapema, na mara ya kwanza kinapotajwa kiandikwe kwa herufi kubwa: KOPO. Anayeandaa orodha ya vifaa hupitisha macho akitafuta herufi kubwa tu. Ukiandika kwa herufi kubwa kila mara, zinapoteza kazi yake.

Sauti ndiyo moyo wa onyesho hili, na ndiyo sehemu ambayo skripti nyingi huiandika ovyo, kana kwamba itamwagwa juu ya picha mwishoni. Kwenye katuni mambo huenda kinyume. Maneno ya waigizaji hurekodiwa kabla ya kuchora mijongeo. Halafu michoro ya storibodi hupangwa kwa muda wake, pamoja na maneno hayo na sauti za muda, ikawa animatiki. Animeta huhesabu fremu zake, yaani picha mojamoja za filamu, kutoka hapo. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, tone linalodondoka kila sekunde 2 lina nafasi ya fremu 48 kabla ya lingine kuja, na jicho la Zawadi lazima lifumbuke fremu chache tu baada ya mlio. Kama mdundo wa tone hauko kwenye skripti, mhariri wa animatiki ataubuni, animeta ataufuata, na mwandishi akija kusema alikusudia tone la harakaharaka, kila jicho lililochorwa litarudiwa.

Sauti yenye maana kwa muda au kwa hadithi naipa mstari wake peke yake, ukianza na neno SAUTI. Mstari huo useme kinacholia, kimegonga nini, na mwendo wake kama unajirudia:

```
SAUTI: Ndo! Tone kwenye sakafu ya mbao. Kila sekunde 2.

SAUTI: Ting! Tone kwenye kopo tupu. Mwendo uleule.

SAUTI: Chubwi ndogo. Tone kwenye kopo lenye maji. Mwendo uleule.
```

Kiswahili kimetujalia viigizi vya sauti vya kutosha, na ninavipenda kwenye skripti kwa sababu fundi anaposoma "ndo" tayari amesikia kitu. Wahenga waliposema chururu si ndo ndo ndo walitenganisha sauti mbili ambazo fundi naye huzitenganisha: maji yanayotiririka bila kukatika, na tone mojamoja lenye nafasi katikati. Lakini kiigizi peke yake hakitoshi. Ndo ya mbao, ndo ya zulia na ndo ya ngozi ni rekodi tatu tofauti, na fundi hawezi kuzikisia kutoka kwenye herufi tatu. Ndiyo maana baada ya kiigizi linafuata jina la kile kilichogongwa. Katika mistari ile mitatu mwendo haubadiliki, kinachobadilika ni kinachopokea maji, na mabadiliko hayo yanamwambia mtazamaji kwamba muda umepita bila saa ya ukutani wala maelezo.

Sauti ndefu, kama mvua, inahitaji mwanzo na mwisho. Hapa ndipo ninapokuta makosa ambayo hayajulikani mpaka filamu imekaribia kwisha. Mvua inaandikwa inaanza onyesho la 7, kisha haitajwi tena. Onyesho la 9 ni nje, mchana, wahusika wanacheza uani. Mvua ilikatika lini? Mchoraji amechora ardhi kavu, fundi wa sauti ameiacha mvua iendelee kwa kuwa hakuna aliyemwambia aikate. Kwa hiyo naandika INAANZA pale inapoanza, na palepale natangaza inavuka mpaka onyesho lipi. Ikifika huko, INAKATIKA huandikwa kwenye mstari wake, tena kabla ya tendo linaloitegemea.

Ukimya nao ni sauti ya kuandikwa. Kichekesho cha onyesho hili kimekaa katika sekunde 3 ambazo matone yamekoma, Zawadi ametulia, na sisi tunajua yaliyo juu ya mto wake. Kwenye karatasi sekunde hizo ni nusu mstari. Kwenye animatiki ni fremu 72 ambazo hakuna kinachotokea, na mhariri anayetafuta pa kupunguza ataanzia hapo, kwa haki kabisa, asipoambiwa kwamba pengo hilo limewekwa kwa makusudi. Basi liandikwe, na idadi ya sekunde iwepo. Kwingine, ukiacha mwendo wa sauti inayojirudia, siweki sekunde. Skripti iliyojaa muda kila mstari inamfunga mwongozaji mikono, na mwisho wake hakuna atakayejua ni sekunde zipi zinazobeba hadithi kweli.

Lipo jambo ambalo husikika lakini halikai kwenye mistari ya SAUTI: chochote kinachotoka mdomoni mwa mhusika. Kuhema, kuguna, kupiga miayo, kushtuka. Aya ya mwanzo inasema "anashtuka", bila zaidi. Ukiandika mshtuko huo kama tendo, huenda usirekodiwe kabisa. Ukiuandika kama SAUTI, utakwenda kwa fundi, naye atachukua mshtuko wa mtu mwingine kutoka kwenye hazina yake ya sauti, na Zawadi atakuwa na koo mbili. Mwigizaji atakuwa ameshamaliza na ameshaondoka studio. Kwa hiyo "Ha!" inaandikwa chini ya jina la ZAWADI kama maneno mengine yoyote, hata kama onyesho zima hana neno lingine. Kwa paka, amueni mapema kama ana mwigizaji. Kama anaye, mkoromo wake uwe chini ya jina lake. Kama hana, uwe SAUTI. Na mhusika anayesema akiwa hayuko kwenye picha, andika HAONEKANI kando ya jina lake. Nimeona wanaoandika NJE, wakimaanisha nje ya picha, na neno hilo tumeshalipa kazi kwenye kichwa cha onyesho.

Kinachobaki ni madokezo ya picha, na haya yanataka kujizuia. Mimi huyaruhusu kubeba hali na mwonekano tu: mwanga unatoka wapi, kopo limejaa kiasi gani, nguo imelowa upande upi, maandishi gani yanasomeka ukutani. Tukio likiingia humo, limepotea, kwa sababu anayepanga storibodi hafuati madokezo kwa mpangilio wa hadithi. Maji kutambaa kwenye boriti ni tukio, kwa hiyo ni tendo. Kiwango cha maji ndani ya kopo ni hali, kwa hiyo ni dokezo. Na hapo kwenye kopo pana uamuzi wa kazi: ukiandika "kopo linajaa taratibu", umeagiza mjongeo wa maji kupanda. Ukiandika kopo lenye hali mbili, tupu na nusu, na picha moja ikayeyukia nyingine, umeagiza michoro miwili. Hadithi yetu haihitaji zaidi ya hiyo miwili.

Mimi huandika kwa Fountain, ambao ni utaratibu wa maandishi ya kawaida unaofunguka kwenye programu yoyote ya kuandikia na kugeuzwa kuwa skripti iliyopangwa. Nusu ya kwanza ya onyesho letu iko hivi:

```
.NDANI. CHUMBA CHA ZAWADI - USIKU #7#

Taa ndogo inawaka mezani. Kando yake, KOPO tupu. ZAWADI (miaka 8) amelala chali, macho amefumba. PAKA amejikunja miguuni pake.

SAUTI: Mvua juu ya paa la bati. INAANZA. Inavuka hadi onyesho 8.

SAUTI: Ndo! Tone kwenye sakafu ya mbao. Kila sekunde 2.

Kila tone linapodondoka, Zawadi anafumbua jicho moja.

Zawadi anashuka, anachukua kopo, analiweka chini ya tone, anarudi kitandani.

SAUTI: Ting! Tone kwenye kopo tupu. Mwendo uleule.

[[PICHA: Kopo lina hali 2: tupu na nusu. Hapa ni tupu.]]
```

Na nusu ya pili:

```
Zawadi anatabasamu, anafumba macho. Picha inayeyukia kopo lenye maji nusu.

SAUTI: Chubwi ndogo. Tone kwenye kopo lenye maji. Mwendo uleule.

Paka anainua kichwa, anatazama juu.

KARIBU: Boriti. Maji yanatambaa kutoka tundu la kwanza hadi juu ya mto.

SAUTI: Matone yanakoma. Mvua peke yake, sekunde 3.

[[PICHA: Zawadi ametulia, lakini kifua kinapanda na kushuka.]]

Tone moja linamwangukia Zawadi kwenye paji la uso.

SAUTI: Ndo! laini, kwenye ngozi.

ZAWADI
Ha!
```

Dokezo la kifua nimeliweka kwa sababu mchoro uliosimama kabisa kwa sekunde 3 humfanya mtazamaji adhani filamu imekwama. Na mtazamo wa paka, ambao kwenye rasimu ulikuwa sentensi ya kupita, sasa una kazi: paka ndiye anayetupeleka kwenye boriti.

Fountain ina mambo machache ya kuangalia ukiandika kwa Kiswahili. Inatambua kichwa cha onyesho kwa kuona `INT` au `EXT` mwanzoni mwa mstari, na NDANI haiijui, kwa hiyo itakichukulia kichwa chako kama tendo. Nukta ile iliyotangulia NDANI ndiyo inayolazimisha mstari kuwa kichwa, na haionekani kwenye nakala iliyopangwa. Namba kati ya alama mbili za `#` ni namba ya onyesho. Mstari ulio wote kwa herufi kubwa, ukifuatwa mara moja na mstari mwingine bila nafasi, utachukuliwa kuwa jina la mhusika. Kwa hiyo ukiandika SAUTI: NDO! na chini yake moja kwa moja ukaendelea na maelezo, utapata mhusika anayeitwa "SAUTI: NDO!" mwenye maneno yake. Acha nafasi ya mstari mmoja, au tanguliza alama ya mshangao `!`, ambayo hulazimisha mstari kuwa tendo. Na maelezo yaliyo ndani ya `[[ ]]` programu nyingi huyaficha kwenye nakala ya kuchapisha mpaka uziambie ziyaonyeshe. Hilo ni zuri kwa nakala ya waigizaji, ambao hawana haja ya kujua kiwango cha maji, lakini ni hasara kubwa kama ndiyo nakala iliyokwenda kwa wachoraji. Fungua faili la mwisho na ulitazame kabla hujalituma.

Kabla ya kutuma pia, nasoma onyesho kwa vipande. Kwanza mistari ya SAUTI peke yake, kuanzia juu mpaka chini, kwa sauti: mvua, ndo, ting, chubwi, ukimya, ndo laini, kisha "Ha!" ya Zawadi. Mtu aliyefumba macho akiweza kukusimulia kilichotokea, sauti zimekaa. Baadaye nafunika sauti na kusoma matendo tu, nikiuliza kila kilichosikika kama kimeonekana au kimetangazwa kuwa hakionekani. Usomaji huo wa pili ndio uliolifichua tone la rasimu, lile lililoanguka usoni bila kutoka popote.

Muda nao napima hapohapo. Kuna kanuni ya zamani kwamba ukurasa mmoja wa skripti, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, ni kama dakika moja ya filamu. Kwenye katuni kanuni hiyo inapotosha, kwa sababu mistari ya sauti na madokezo inachukua karatasi bila kuchukua muda. Onyesho letu linakula karibu ukurasa mzima. Nikiliigiza nikiwa na saa ya sekunde, kutulia mwanzoni ni 4, matone matatu ya sakafuni ni 6, kushuka na kuweka kopo 6, ting mbili 4, chubwi mbili 4, boriti 3, ukimya 3, tone na mshtuko 2. Jumla ni sekunde 32, yaani fremu 768. Skripti ya dakika 11 iliyopangwa namna hii itakuwa na kurasa zaidi ya 11, na asiye na habari atasema imezidi. Mpe hesabu ya saa.

Skripti ikishakubaliwa na storibodi ikaanza, namba za maonyesho hazisogei tena, kwa sababu mafaili ya michoro na ya sauti yamepewa majina kwa namba hizo. Onyesho jipya kati ya 7 na 8 linakuwa 7A, na lililoondolewa linabaki mahali pake likiwa na neno LIMEFUTWA. Mistari iliyobadilika naiwekea nyota ukingoni, na tarehe ya toleo inakaa juu ya kila ukurasa. Halafu nafuatilia mabadiliko mpaka yaishie. Tuseme mwongozaji anaomba paka aondolewe ili kuokoa kazi. Kufuta jina lake kwenye aya ya kwanza ni rahisi, lakini mtazamo wake ndio ulioipeleka picha kwenye boriti, kwa hiyo mstari wa KARIBU unahitaji kitu kingine cha kuuvuta. Naweza kuileta sauti mbele: matone yanakoma kwanza, Zawadi anasikiliza kidogo, anaamini mvua imemhurumia, anafumba macho, ndipo tunakwenda kwenye boriti. Mstari wa ukimya umepanda juu ya mstari wa KARIBU, kwa hiyo sekunde zake 3 zigawanywe kati ya picha hizo mbili, dokezo la kifua lihame nao, na fundi wa sauti apelekewe ukurasa huo siku hiyohiyo, hata kama hakuna neno moja la SAUTI lililofutwa.